Deni moja, ufunguo mmoja: kurudia ombi la malipo bila kulipa mara mbili

Ninyi mnaoanza kuandika mifumo ya malipo hapa Mwanza, swali nitakalowauliza kila nikikagua msimbo wenu ni hili: ombi hili likitumwa mara mbili, itakuwaje? Wengi hujibu kwamba haliwezi kutumwa mara mbili. Litatumwa.

Tuchukue mfumo unaowalipa wenye mizigo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Karani anapokea mifuko, anaandika deni kwenye simu, anabonyeza "Lipa". Ombi linaingia kwenye foleni, na kibarua, yaani programu inayochukua kazi kwenye foleni, analipeleka kwa kampuni ya pesa za simu. Tuseme ni deni namba 5127, shilingi 840,000.

Kibarua wa kwanza anatuma saa 4:14 asubuhi. Jibu halirudi, naye anaendelea kusubiri kwa sababu mmempa dakika nzima. Lakini foleni nayo ina muda wake. Foleni ya SQS ya Amazon, usipobadilisha mpangilio wowote, humpa kibarua sekunde 30. Asipothibitisha kwamba amemaliza, kazi inaonekana tena na kibarua wa pili anaichukua. Sasa wawili wameshika deni moja, na hakuna kilichoharibika popote: foleni za aina hii huahidi kufikisha kazi angalau mara moja, basi. Ongezeni hizo sekunde zizidi muda wa kusubiri jibu, inasaidia, lakini marudio yatapungua tu. Kibarua akizimika baada ya kutuma na kabla ya kuandika matokeo, kazi itarudi. Na karani anayeona duara linazunguka huku mwenye mzigo kamsimamia kichwani, atabonyeza tena.

Dawa ambayo kila mgeni huandika ni kuangalia kwanza: kama malipo ya deni hili hayapo, lipa. Haitoshi. Vibarua wawili wakiangalia kwa wakati mmoja, wote wataona hayapo na wote watalipa. Siku ya mzigo mdogo hutaona kasoro hiyo. Subiri wakati wa giza, dagaa wanapovuliwa kwa wingi kwa taa, na siku chache baadaye mifuko ishuke Kirumba kwa mamia. Hapo foleni inajaa na vibarua wanagongana. Kwa hiyo uamuzi wa nani aliyetangulia uachieni hifadhidata, kwa sharti la upekee. Kwa PostgreSQL:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  deni_id bigint PRIMARY KEY,
  ufunguo uuid NOT NULL UNIQUE,
  kiasi   bigint NOT NULL,
  hali    text NOT NULL DEFAULT 'inasubiri'
);

INSERT INTO malipo (deni_id, ufunguo, kiasi)
VALUES (5127, gen_random_uuid(), 840000)
ON CONFLICT (deni_id) DO NOTHING;
```

Karani abonyeze mara tano, mstari utakuwa mmoja na ufunguo mmoja. Kila kibarua husoma ufunguo huo huo kutoka kwenye mstari na kuutuma pamoja na ombi. Kampuni nyingi za malipo hupokea ufunguo wa namna hii, mara nyingi kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `Idempotency-Key`, au kama namba ya kumbukumbu ya mtumaji. Ombi la pili lenye ufunguo uliokwisha kutumika halihamishi pesa. Linarudishiwa jibu la lile la kwanza.

Hapa ndipo nawaomba mkae sana: ufunguo huzaliwa lini? Nimeona msimbo unaotengeneza ufunguo mpya ndani ya kitanzi cha kujaribu tena. Kila jaribio basi ni malipo mapya, na ule ufunguo umekuwa pambo. Nimeona pia kosa la upande wa pili: ufunguo unaotengenezwa kwa kuunganisha namba ya simu, kiasi na tarehe. Unapendeza kwa sababu hauhitaji kuhifadhiwa. Lakini mtu wa Ukerewe anaweza kushusha mzigo wa 840,000 asubuhi na mwingine wa bei ile ile jioni. Hayo ni madeni mawili halali, na mfumo utameza la pili huku ukimwambia karani limelipwa. Ukilipa mara mbili utaona salio limepungua. Ukimeza deni, anayegundua ni mwenye mzigo, na wewe kwenye skrini kila kitu ni kijani. Ufunguo uzaliwe pamoja na deni, uandikwe kabla ya chochote kutumwa, na usibadilike hadi deni life. Kama mnalipa kwa awamu, kila awamu ihesabiwe kama deni lenye namba yake, mstari wake na ufunguo wake.

Sasa ombi linalosubiri. Muda wa kusubiri ukiisha, msiandike "imeshindikana". Kutopata jibu hakumaanishi pesa haikutoka. Iacheni hali ya `inasubiri`, kisha mrudie kwa ufunguo ule ule, mkiachanisha majaribio kidogo kidogo zaidi kila mara. Someni pia kampuni inautunza ufunguo kwa muda gani. Kama ni saa 24, jaribio la kesho kutwa litahesabiwa kuwa ombi jipya, kwa hiyo majaribio ya kujiendesha yakome mapema kabla ya hapo.

Kama kampuni haipokei ufunguo lakini inaruhusu kuuliza hali ya malipo kwa namba yenu ya kumbukumbu, ulizeni kabla ya kurudia. Tahadhari: jibu la "haipo" sekunde chache baada ya kutuma halithibitishi kitu, maana ombi lenu linaweza kuwa bado njiani. Subirini, ulizeni tena. Na kama hakuna ufunguo wala namna ya kuuliza, basi msirudie kwa mashine kabisa. Mtu alinganishe na taarifa ya akaunti ndipo aamue. Wenye haraka hawalipendi jibu hili, lakini hakuna msimbo wa upande wenu pekee unaoweza kuliziba pengo hilo.

Kampuni ikishalipa, hutuma taarifa kwenye seva yenu, nayo pia huja mara mbili pengine. Msipunguze salio kila inapofika. Badilisheni hali kwa masharti:

```sql
UPDATE malipo SET hali = 'imelipwa'
WHERE deni_id = 5127 AND hali = 'inasubiri';
```

Ikigusa mstari 1, andikeni kwenye daftari la hesabu ndani ya muamala huo huo wa hifadhidata. Ikigusa 0, mwenzake alishafanya. Jibuni kwamba mmepokea na muishie hapo. Mkijibu kosa, kampuni itaendelea kuwatumia. Ujumbe mfupi kwa mwenye mzigo hauwezi kurudishwa ukishatoka, kwa hiyo ndani ya muamala andikeni tu kwamba unatakiwa kutumwa, na kibarua mwingine autume baadaye. Ukimfikia mara mbili atauliza. Si sawa na pesa.

Kujua kama mmefaulu, msisubiri giza. Kwenye mazingira ya majaribio, wekeni kazi ile ile kwenye foleni mara 2 na mwashe vibarua wawili pamoja. Kisha fanyeni jaribio gumu zaidi: mzimeni kibarua kwa `kill -9` mara tu baada ya ombi kutoka, kabla hajaandika jibu, halafu mumwashe tena. Angalieni upande wa kampuni ya majaribio, si kwenye hifadhidata yenu. Yenu itaonyesha mstari mmoja hata pesa ikiwa imetoka mara mbili.