Kupanga nafasi: amueni uzito na nafasi za sare kabla ya fomula

"Nimepakia alama za darasa. Panga nafasi."

Mwalimu, nimekuwa mwalimu wa taaluma, na faili kama hili nimelipokea mara nyingi. Safu za Jaribio na Mtihani zipo, lakini hakuna palipoandikwa kila moja ni kati ya ngapi. Nachukulia jaribio ni kati ya 50 kwa kuwa hakuna aliyevuka hapo, na mtihani ni kati ya 100. Tafadhali thibitisha.

Tazama wanafunzi watatu tu. Namba 04 ana 45 na 62, namba 11 ana 30 na 78, namba 17 ana 38 na 70. Ukijumlisha hivyo hivyo, 11 na 17 wanafungana kwa 108, na 04 anabaki nyuma na 107. Jaribio na mtihani vikipewa uzito sawa, 04 anaongoza kwa asilimia 76, 17 anapata 73 na 11 anashika mkia kwa 69. Jaribio likiwa 30 na mtihani 70, 11 anaongoza kwa 72.6, 17 anapata 71.8 na 04 anakuwa wa mwisho kwa 70.4. Alama ni zile zile, ila wa kwanza amekuwa wa mwisho. Uzito huo uamuliwe na kikao cha taaluma, tena kabla ya mtihani kufanyika.

Mkishaamua, kwa mfano 30 kwa 70, fomula ni hizi (wanafunzi wakiwa mstari wa 2 hadi 43):

```
D2: =ROUND(B2/50*30+C2/100*70,1)
E2: =RANK.EQ(D2,$D$2:$D$43,0)
```

RANK.EQ ikikuta wawili wamefungana nafasi ya 2, anayefuata humpa 4. Shule nyingine humpa 3. Chagueni moja na muitumie darasa zima. Hiyo ROUND nimeiweka kwa sababu: niliwahi kuulizwa na mzazi iweje watoto wawili wote wana 72, mmoja wa tano na mwingine wa sita. Kompyuta ilikuwa imeficha desimali kwenye ripoti, huku ikizitumia kupanga. Alama inayochapishwa iwe ile ile iliyopanga nafasi.

Kilichonisumbua zaidi ni namba 23: jaribio 41, mtihani patupu. Fomula ya juu itamhesabia sifuri na kumpeleka chini kabisa. Ukitumia AVERAGE ya asilimia, patupu inarukwa, anabaki na 82 ya jaribio peke yake na kuwapita wote watatu. Muulize msimamizi wa chumba: alikuwa mgonjwa, alitoroka, au karatasi yake haijasahihishwa? Kama aliugua, mwandikie "HAKUFANYA" kwenye C, ufute fomula zake za D na E, asipangiwe nafasi mpaka afanye mtihani.

Jambo lingine: kama mikondo miwili ilisahihishwa na walimu tofauti bila mwongozo mmoja wa usahihishaji, usiichanganye kwanza. Chukueni karatasi chache za kila mkondo, mbadilishane, msahihishe upya mwone tofauti ni alama ngapi.