Atropini imekausha mate, mbona pumzi bado hafifu?

"Mgonjwa amekunywa dawa ya wadudu ya oganofosfeti. Tumempa atropini, mate na jasho vimekauka, kifua ni safi, lakini misuli inarukaruka na anapumua kwa shida. Tuongeze atropini?"

Hapana, ndugu yangu. Sumu hii hufunga kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kwa hiyo asetilikolini inarundikana kila mahali: kwenye tezi, mapafu, moyo na misuli. Atropini huziba vipokezi vya tezi, njia za hewa na moyo. Vya misuli haivigusi kabisa, hata ukimwaga chupa nzima.

Kipimo chako kilikuwa kifua. Kwa mtu mzima huanza na miligramu 2 kwenye mshipa, kisha dozi huongezwa maradufu kila dakika 5 hadi mikoromo ya majimaji iishe na moyo upige zaidi ya 80 kwa dakika. Mboni usizifukuzie, hukawia kupanuka. Ukizidisha, ataanza kuweweseka, joto litapanda na tumbo litanyamaza.

Kinacholenga misuli ni pralidoksimu, inayoing'oa sumu kwenye kimeng'enya. Lakini ikichelewa, kifungo kinakomaa na haking'oki tena, na hata ikiwahi, matokeo yake hayatabiriki. Kwa hiyo usiisubiri. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, shingo imelegea, na misuli ya kupumulia huenda inafuata: mwite mtu wa mashine ya kupumulia sasa hivi.