Kabla Hujanunua Pampu, Panda Kwenye Tenki

Wiki hii msomaji mmoja anayejenga Kibaha ameniandikia: "Dada, fundi kaniambia shawa hazitoki maji vizuri, ninunue pampu. Ninunue ya ukubwa gani?" Nilicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu, maana sentensi hiyo hiyo niliambiwa mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya mawifi. Wifi mmoja alitoka bafuni na povu kichwani akauliza kama hii nyumba ni ya kukaa au ya kupigia picha. Sijasahau.

Fundi wangu alisimama mlangoni, hata ngazi hakupanda. "Mama, hapa dawa ni pampu tu." Nikamwuliza amepima nini, akanitazama kama nimemtukana. Nilimlipa nauli, nikaanza kupima mwenyewe, na nilichogundua nakiandika hapa kwa faida ya wote tunaohangaika na ujenzi.

Tuanze na kimo, kwa sababu ndicho kinachozaa presha kama huna pampu. Kila mita moja ya kimo kati ya uso wa maji kwenye tenki na tundu la shawa hukupa takribani baa 0.1 ya presha. Baa moja kamili inataka mita 10. Sasa tazama nyumba yangu. Mnara una mita 3 kutoka ardhini hadi kitako cha tenki. Sakafu ya nyumba imeinuka sentimita 45, na shawa iko mita 2.1 juu ya sakafu, yaani mita 2.55 kutoka ardhini. Toa hesabu: kutoka kwenye shawa hadi kitako cha tenki ni sentimita 45 tu! Tenki langu la lita 1,000 likijaa, maji yake yana kimo cha kama mita 1.2, kwa hiyo nina mita 1.65. Likifika nusu nabaki na mita 1.05. Ndiyo maana asubuhi tulikuwa tunaoga, jioni tunachota kwa kopo. Mnara ule ukiutazama kutoka nje unauona mrefu, lakini urefu wake mwingi unaishia chini ya shawa. Bomba la bustanini, lililo nusu mita kutoka ardhini, lina zaidi ya mita 3.5 tenki likijaa. Usilitumie bomba la bustani kumsifia fundi wako.

Lakini hata mita 1.65 ilipaswa kunipa zaidi ya nilichokuwa napata. Nikachukua ndoo ya lita 10 na saa. Bomba la bustani, ambalo ndilo la kwanza kabisa kutoka kwenye tenki, lilichukua zaidi ya dakika nzima kujaza ndoo. Kwa kimo kile lilitakiwa lijaze kwa karibu nusu dakika. Hapo ndipo mambo yaliponikaa sawa kichwani: kama bomba la kwanza ni dhaifu, tatizo liko kabla yake, na kabla yake kuna kitu kimoja tu, valvu ya kutokea kwenye tenki.

Ilikuwa valvu ya kuzungusha, yenye kigurudumu chekundu. Niliizungusha hadi mwisho, ikawa imefunguka kabisa kwa macho. Nikaomba kijana wa jirani aifunge na kuifungua huku mimi nasikiliza: maji hayakubadilika. Valvu za aina hii zina kibao ndani kinachopanda na kushuka kwa skrubu. Kibao kikikatika kutoka kwenye shina lake, wewe unazungusha kigurudumu huku chenyewe kimeketi palepale, nusu ya njia. Tulipoifungua tulikikuta hivyo. Nikaweka valvu ya mkono mmoja, ile ambayo mkono ukilala sambamba na bomba ujue iko wazi, ukikaa kimsalaba imefungwa. Unaiona kutoka chini, huhitaji kumwuliza mtu. Ndoo ya bustani ikajaa kwa nusu dakika.

Na msiseme "mimi valvu zangu ni mpya". Wanaoosha matenki hufunga valvu na kuirudisha nusu, wakaondoka. Chini ya kila sinki kuna valvu ndogo ya pembeni ambayo fundi huiacha nusu ili asirushiwe maji wakati wa kujaribu. Fungueni hizo kwanza, ni bure.

Bafuni maji yaliongezeka, kutoka kama lita 2 kwa dakika hadi kama 4. Kuoga kwa raha kunataka walau 6. Hapa ndipo nilipokutana na unene wa bomba, na hapa ndipo tunapodanganywa sana. Bomba la plastiki la PPR lililoandikwa 20 mm lina milimita 20 kwa nje. Lile nene la maji ya moto, PN20, kwa ndani lina milimita 13.2 tu. Ukitaka lita 6 kwa dakika zipite humo, kila mita ya bomba inakula kama sentimita 6 za kimo chako. Kutoka kwenye tenki hadi bafuni kwangu ni mita 18, kwa hiyo zaidi ya mita nzima inaliwa njiani, kabla ya kuhesabu elbo. Na mimi mali yangu yote ni mita 1.65! La 32 mm, lenye milimita 21.2 ndani, kwa maji hayo hayo linakula chini ya sentimita 1 kwa kila mita. Nikabadilisha njia kuu nzima kuwa 32 mm hadi ukuta wa bafu, nikaacha 20 mm kwenye kipande kifupi cha kupanda kwenye shawa. Kuongeza unene kwenye kipande kifupi cha mwishoni huku njia ndefu ya mwanzo ni nyembamba hakusaidii sana, na mafundi wengi hufanya hivyo hivyo kwa sababu ndiko kusikohitaji kuchimba.

Sasa ndoo inajaa bafuni kwa kama dakika moja na nusu tenki likijaa. Likishuka chini ya nusu inapungua, ndiyo maana nimelipandisha boya la pampu ya kisima lijaze mapema. Mnara sikuuongeza: lita 1,000 ni tani nzima, na kuweka matofali juu ya mnara ambao haukujengewa uzito huo ni kujitafutia maafa kwa ajili ya baa 0.1.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kibaha, picha uliyonitumia inaonyesha ghorofa moja na tenki juu ya slabu. Kwa shawa za juu kimo chako ni kidogo, pengine mita 1 na nusu hadi 2, na zile shawa pana za mapambo ulizonunua nyingi zinataka baa moja hivi. Wewe pampu utaihitaji kweli, kwa bafu za juu pekee. Za chini zina karibu mita 3 zaidi, ziache zijitegemee. Ila valvu ya tenki uikague kwanza, na bomba la kutoka kwenye tenki hadi kwenye pampu lisipungue 32 mm. Pampu ikinyonya kupitia valvu iliyofunga nusu inanguruma, inatikisika na kutoa maji yenye hewa, na fundi atakuja kukuambia ununue kubwa zaidi.