Kiwanja cha Uyole na kodi isiyoonekana kwenye hati ya mshahara

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Iringa. Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Uyole, Mbeya, kwa milioni 6, na sasa nimepata mnunuzi wa milioni 32. Kabla ya kubadilisha jina kwenye hati nimeambiwa nipitie TRA nikalipe kodi. Mshahara wangu hukatwa PAYE kila mwezi, na kiwanja nilikinunua kwa mshahara huohuo. Sitozwi mara mbili? Mnunuzi anashauri mkataba tuuandike milioni 15.

Jibu: Mwalimu, PAYE anaikata mwajiri wako, naye anachokiona ni mshahara tu. Habari za Uyole hazimfikii. Kwa hiyo sheria imeweka geti lake mahali pengine, kwenye uhamisho wa hati. Msajili wa hati hatabadilisha jina mpaka aone cheti cha TRA kwamba kodi ya faida ya mtaji imelipwa.

Hilo la kutozwa mara mbili lingekuwa kweli kama wangekutoza kwenye milioni 32 zote. Milioni 6 zilizotoka kwenye mshahara zinakurudia bila kuguswa, na pamoja nazo kila ulichokitumia kukipata kiwanja, kukiendeleza na kukiuza. Kinachotozwa ni kile kilichozidi hapo, na hicho hakijawahi kupita kwenye hati yako ya mshahara. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Faida hiyo haijumlishwi na mshahara ili ikupandishe hadi kwenye asilimia 30 ya PAYE.

Nimepiga hesabu kwa karatasi ulizonitumia. Ununuzi ni milioni 6, upimaji na hati milioni 1.5, dalali milioni 1.6. Msingi wa nyumba uliojenga hapo, kwa maelezo yako, ulikula milioni 4.5, lakini risiti ulizonazo ni za milioni 3, basi nahesabu 3. Jumla ya gharama ni 12,100,000. Toa kwenye 32,000,000, inabaki faida ya 19,900,000, na kodi yake ni 1,990,000. Zile risiti za milioni 1.5 zilizopotea zimekugharimu 150,000. Nakuelewa, maana hata mimi nilishafungua bahasha ya risiti za saruji nikakuta karatasi nyeupe tupu: wino wa risiti za mashine hufutika. Siku hizi nazitoa kopi siku ileile.

Kuna jambo moja silipendi katika sheria hii. Milioni 6 za 2014 zinahesabiwa kama milioni 6 za leo, bila kujali bei zilivyopanda, kwa hiyo sehemu ya hiyo "faida" ni shilingi kushuka thamani tu.

Huenda umesikia pia habari za asilimia 3. Hiyo ni kwa asiye na kumbukumbu za gharama: hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwako ingekuwa 960,000, na najua tayari umeanza kufikiria kuficha karatasi. Mkataba wako wa 2014 umo kwenye jalada la ardhi, kwa sababu ndio uliopatia hati. Msamaha nao haukufikii. Wa nyumba ya kuishi unamtaka mtu awe ameimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, na faida isizidi milioni 15. Wa shamba unataka liwe limelimwa angalau miaka 2 kati ya 3 iliyopita, na thamani yake iwe chini ya milioni 10. Kiwanja chenye msingi ulioota majani hakimo kokote.

Sasa ushauri wa mnunuzi. Kwa milioni 15 kodi yako ingekuwa 290,000, yaani ungeokoa 1,700,000. Lakini uhamisho unakwenda na ripoti ya mthamini, na mthamini akifika Uyole haangalii mkataba wenu, anaangalia viwanja vya jirani vinauzwaje. Akiandika milioni 30, TRA watakokotoa kwa hiyo. Tena mnunuzi akikulipa 15 halafu akagoma kumalizia, mahakamani utakuwa umeshika karatasi uliyoisaini mwenyewe inayosema bei ilikuwa 15.

Yeye pia hajapiga hesabu zake. Bei ya kwenye mkataba ndiyo itakayokuwa gharama yake siku akiuza. Tuseme anauza kwa milioni 50: kwa mkataba wa kweli faida yake ni milioni 18, kwa mkataba wa 15 inakuwa 35. Kodi inayoongezeka ni 1,700,000, ileile uliyookoa wewe, sasa inatoka mfukoni mwake. Mwonyeshe hesabu hiyo kabla hamjaenda kwa wakili.