Fomula Haikuwa na Kosa, Laptopu Ndiyo Ilikuwa ya Ufaransa

Juzi msomaji mmoja wa Musoma kaniandikia: "Dada, ile fomula yako ya punguzo nimeinakili herufi kwa herufi, Excel inagoma. Au umetuuzia mbuzi kwenye gunia?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo mimi liliniliza.

Nilikuwa nimeanza kutunza hesabu za mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Nikanunua laptopu ya mtumba, nzuri tu, imetoka Ulaya. Windows ilikuwa ya Kiingereza, Excel ya Kiingereza, sikuwa na shaka yoyote. Mama alitaka mteja akichukua kilo 100 au zaidi apunguziwe asilimia 5. Nikatafuta mtandaoni, nikapata hii, bei ikiwa B2 na kilo C2:

```
=IF(C2>=100,B2*C2*0.95,B2*C2)
```

Nikabandika. Ikatokea `There's a problem with this formula`. Nikafuta, nikaandika kwa mkono nikihesabu mabano kwa kidole. Wapi! Fundi mmoja wa mjini akaniambia Excel "imeliwa na virusi", akachukua 20,000 yangu, akaiweka upya. Nimefika nyumbani, ujumbe uleule. Nikarudi, akachukua nyingine. Hiyo 40,000 mpaka leo inaniuma.

Kumbe lugha ya Windows na mpangilio wa nchi ni vitu viwili tofauti. Lugha ndiyo inayofanya usome `File` na `Save`. Mpangilio wa nchi ndio unaoamua desimali inaandikwaje na vipande vya fomula vinatenganishwa na nini. Ya kwangu ilibaki kwenye `French (France)`. Wafaransa wanaandika sufuri nukta tisa tano kama `0,95`. Koma ikishashikwa na desimali, haiwezi kutenganisha vipande tena, kazi hiyo inapewa nuktamkato. Kwa hiyo mashine yangu ilitaka hivi:

```
=IF(C2>=100;B2*C2*0,95;B2*C2)
```

Angalia vizuri, vimebadilika vitu viwili. Nilipoambiwa nitumie nuktamkato nilibadilisha koma tu, nikaacha `0.95`, ikagoma tena. Na ukibadilisha, anza na koma ziwe nuktamkato, ndipo nukta iwe koma. Ukianza na nukta utachanganya koma za aina mbili, hutajua ipi ni ipi.

Kujua mashine yako ni ya upande gani ni kazi ya sekunde tatu. Andika `=SUM(` kwenye seli tupu, usibonyeze Enter. Chini yake kinatokea kimaandishi cha msaada: kati ya `number1` na `[number2]` kuna koma au nuktamkato. Hicho ndicho mashine yako inachotaka. Fundi wangu angefanya hivyo tu.

Sasa aibu yenyewe. Fomula ilipokubali nikajiona profesa. Akaja mteja kutoka Kongo, kilo 120, bei 6,000. Nikaandika `6,000` kama tunavyoandika Watanzania wote, na bila kuangalia nikachapa risiti. Ilitakiwa iwe 684,000. Ilitoka 684. Mashine ilisoma koma yangu kama desimali: shilingi sita, nukta sufuri sufuri sufuri. Mteja akaweka noti ya 1,000 mezani, akaniambia nibaki na chenji. Mama hakucheka.

Ndiyo maana nawaambia, jamani, ujumbe wa kosa ni rafiki. Cha kuogopa ni fomula inayokubali na kudanganya. Jaribu `=MAX(10,20)` kwenye mpangilio wa Kifaransa: inakupa 10,2, kwa sababu imeona namba moja tu. Haikuonyi chochote.

Kama laptopu ni yako, rekebisha mzizi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `intl.cpl`, ingia `Additional settings`. Weka nukta kwenye `Decimal symbol`, koma kwenye `Digit grouping symbol` na koma kwenye `List separator`, kisha funga Excel na uifungue tena. Fomula zilizomo zitajigeuza zenyewe, maana faili huzihifadhi kwa namna moja na kila mashine huzionyesha kwa mtindo wake. Kwa hiyo ukiona kunakili kunakusumbua, omba utumiwe faili lenyewe.

Kisichojigeuza ni namba ulizoingiza kwa nukta zamani, kama 12.5, zikapokelewa kama maandishi. Utazijua, zimeegemea kushoto mwa seli na `SUM` inaziruka. Chagua safu hiyo, bonyeza Ctrl na H, badilisha nukta kwa nukta hiyohiyo. Inaonekana kichekesho, lakini inailazimisha Excel kuzisoma upya.

Yule wa Musoma nilimwambia aandike `=SUM(` anitumie picha. Ilikuwa nuktamkato. Laptopu, anasema, ni zawadi ya shemeji yake aliyeko Ubelgiji.