Kusitisha Spotify iliyokuja na mkataba wa simu

Dada mmoja anayeishi Uingereza ameniandikia akilalamika kwamba ameiondoa Spotify kwenye simu yake, lakini bili ya simu haijapungua hata senti. Nimemjibu kwa kirefu kwa sababu jambo hilo lilinikuta, na bado linanikera.

Mkataba wangu ulikuja na Spotify Premium, ikawa bure miezi 6, kisha ikaanza kutozwa kupitia bili ya simu. Nilipotaka kuisitisha, niliingia kwenye ukurasa wa akaunti wa Spotify, na pale ambapo wengine hukuta kitufe cha kusitisha, mimi nilikuta jina la kampuni ya simu. Spotify hawakuwa na kadi yangu. Wao huarifiwa tu kwamba mteja huyu amelipiwa. Hata hivyo, mhudumu wa kampuni ya simu alinielekeza nikawaone Spotify! Nilimsomea bili yao wenyewe, ambayo chini ya ada ya laini ilikuwa na mstari wa pili wa huduma ya nyongeza. Alikaa kimya, akanihamishia kwa mwenzake, na huyo akaiondoa papo hapo. Sitaficha kwamba nilifurahi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na bili. Mstari ukitaja Google, kampuni ya simu ni mkusanyaji wa malipo tu, nawe utasitisha kwenye Play Store, sehemu ya Payments & subscriptions. Mstari ukiwa ni nyongeza ya kampuni yenyewe, wasiliana nao, ikiwezekana kwa maandishi, uulize huduma itakoma tarehe gani na kama kuiondoa kutabadilisha bei ya mkataba, kwani mara nyingine punguzo la laini limefungamanishwa na nyongeza hiyo. Hifadhi mazungumzo hayo.

Usikimbilie benki kuzuia makato. Idhini uliyoipa benki inahusu bili nzima, si muziki peke yake. Ukiifuta, mkataba unabaki palepale, deni la laini linaanza kukua, na ucheleweshaji huo unaweza kuandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo. Watu huona wamewakomoa wenye kampuni, kumbe wamejikomoa wenyewe.

Nyongeza ikishaondolewa, akaunti ya Spotify haifi. Inarudi kwenye daraja la bure pamoja na orodha zako za nyimbo, ila zile ulizopakua hazitachezeka tena bila intaneti. Ukitaka kulipia Premium kwa kadi yako, subiri kwanza ukurasa wa akaunti uache kuonyesha jina la kampuni ya simu.

Bili inayofuata isikushtue iwapo mstari ule bado upo, kwa kuwa nyongeza nyingi hutozwa mapema. Linganisha kipindi kilichotozwa na tarehe uliyopewa. Kikiivuka tarehe hiyo, watumie mazungumzo uliyoyahifadhi na udai urejeshewe fedha.