Maswali na Majibu: Mzigo Umerudi, Deni Je?

Mteja karudisha katoni 6 kati ya 40. Nichane ankara niandike nyingine?

Usichane chochote. Ankara ni ushahidi wa kilichotoka siku ile, na mzigo uliorudi unaandikiwa hati ya krediti yenye namba ya ankara hiyo. Wengi wanakosea kwenye bei. Tuseme katoni moja ni 500: katoni 40 ni 20,000, ukampa punguzo la biashara la asilimia 10, ankara ikasoma 18,000. Katoni 6 hazirudi kwa 3,000, kwa sababu hakuziandikiwa kwa bei hiyo. Zinarudi kwa 2,700, na deni linabaki 15,300. Ukiandika 3,000 umemzawadia 300. Kama pia ulimwahidi asilimia 2 akilipa mapema, ikokotoe kwenye 15,300, yaani 306, si kwenye 18,000. Na tafadhali, 2,700 hiyo iende akaunti ya marejesho ya mauzo. Ukiipunguza kimyakimya kwenye mauzo, mwisho wa mwaka hutajua ni mzigo kiasi gani unaorudi, wala nani anaurudisha.

Hati ipi huandikwa na nani, ya krediti au ya debiti?

Nimeshajibu hili mara nyingi mno. Muuzaji anayepunguza deni la mteja huandika ya krediti. Mnunuzi anayedai apunguziwe huandika ya debiti. Muuzaji naye huandika ya debiti akigundua ankara yake ilitoza pungufu.

Nimemrudishia msambazaji mzigo na kumtumia hati ya debiti. Nilipe salio jipya?

Hati yako ni dai tu. Yeye atahesabu mzigo, pengine akubali katoni 4 na kusema 2 zilivunjikia kwako. Ndiyo maana nasisitiza: dereva wake asiondoke kabla ya kusaini idadi na hali ya mzigo. Yeye akishakubali ndipo hutoa hati ya krediti, na hapo unazilinganisha hizo mbili.

Angalia mtego huu. Karani anaingiza hati ya debiti, wiki mbili baadaye inafika ya krediti, naye anaiingiza kama jambo jipya. Kwa mfano ule ule wa ankara ya 18,000, marejesho ya 2,700 yanakatwa mara mbili, daftari lako linaonyesha unadaiwa 12,600 huku taarifa ya msambazaji ikisema 15,300. Tofauti ikilingana kabisa na thamani ya mzigo uliorudi, usianze kumgombeza msambazaji. Fungua daftari lako kwanza. Ya krediti ikifika, ibane na ya debiti ndani ya faili moja, na uingizaji uwe mmoja tu.

Mteja alishalipa yote, kisha akarudisha mzigo. Nifanyeje?

Mwandikie hati ya krediti kama kawaida. Sasa wewe ndiye unayedaiwa: mrudishie fedha, au mkubaliane kwa maandishi zikatwe kwenye ankara ijayo. Ila kwenye hesabu za mwisho wa mwezi usilizamishe salio lake ndani ya jumla ya wadaiwa, maana deni lako litaonekana kama limeyeyuka.